Ufunguo Upi? Nomino Inapokanushwa katika Kirusi

Mrusi anayesoma magazeti husema "Ya chitayu gazety." Asiyeyasoma husema "Ya ne chitayu gazet." Neno dogo "ne" ndilo linalokanusha, nalo limekaa mbele ya kitenzi, mahali ambapo kila mtu angelitarajia. Jambo la kushangaza liko upande wa pili wa kitenzi. Hakuna aliyeyagusa magazeti, lakini mwisho wa neno lenyewe umekatika: "gazety" imekuwa "gazet". Kukanusha kumeruka kitenzi kukaenda kuibadilisha nomino.

Nilikutana na jambo hili Voronezh, mji ulio kusini mwa Moscow, nilikokaa mwaka mmoja wa maandalizi ya lugha kabla ya kurudi Kampala na kuanza shahada yangu ya Kiswahili. Wenzangu darasani walitoka nchi nyingi, na wengi wao waliiona kanuni hii kuwa ukorofi mtupu: kama kitenzi kimekwisha kukanushwa, nomino inaadhibiwa kwa kosa gani? Mimi sikuiona hivyo. Lugha yangu ya kwanza ni Kiganda, na katika Kiganda nomino huadhibiwa vilevile. Nitafika huko. Naomba kwanza tuelewane kuhusu Kirusi chenyewe, maana bila hilo ulinganisho utakuwa wa juu juu. Mifano yote nitaiandika kwa herufi zetu, na msomaji akumbuke tu kwamba "y" mwishoni mwa neno ni aina ya "i" itamkwayo nyuma zaidi kinywani.

Nomino ya Kirusi hubadili umbo kulingana na kazi inayofanya katika sentensi. Vitabu vyetu vya isimu huita jambo hili uhusika, na Kirusi kina uhusika wa aina sita. Hapa tunahitaji aina mbili tu. Ya kwanza ni uhusika wa yambwa, umbo la kitu kinachotendwa: nimesoma nini, nimeona nini, nimechukua nini. Ya pili ni uhusika milikishi, ambao mara nyingi hufanya kazi ya "-a" yetu ya uhusiano: kitabu cha Ivan, mlango wa nyumba, glasi ya maji. Ufunguo kwa Kirusi ni "klyuch". Neno hili likiwa yambwa hubaki "klyuch" vilevile, na likiwa katika umbo milikishi huwa "klyucha". Basi "Ya vzyal klyuch" ni "nilichukua ufunguo", na katika kukanusha tutasikia ama "Ya ne bral klyuch" ama "Ya ne bral klyucha". Zote mbili ni Kirusi sahihi, na kuanzia hapo ndipo maswali yanapozaliwa. Kama ingekuwa kanuni isiyo na uchaguzi, tungeikariri tukamaliza.

Kabla ya uchaguzi, tuangalie mahali ambapo uchaguzi haupo, kwa sababu sababu ya jambo lote huonekana vizuri zaidi huko. Mtu akitaka kusema kwamba kitu hakipo, Kirusi humlazimisha kutumia umbo milikishi. "Yest khleb" ni "mkate upo". "Net khleba" ni "hakuna mkate". Hakuna Mrusi atakayesema "net khleb". Katika wakati uliopita, "Khleb byl" ni "mkate ulikuwepo", na "Khleba ne bylo" ni "hakukuwa na mkate". Msomaji atazame vitenzi pia. Katika sentensi ya kwanza kitenzi ni "byl", ambacho kinakubaliana na mkate, kwa kuwa "khleb" iko katika jinsia ya kiume. Katika ya pili kitenzi kimekuwa "bylo", umbo ambalo halikubaliani na mkate wala na kitu kingine chochote. Mkate umepoteza cheo chake cha kiima. Hautawali tena kitenzi.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunapaswa kushtuka kidogo hapo, kwa sababu jambo hili tunalo nyumbani. Tunasema "Jibu halikuja," na kitenzi kinakubaliana na jibu kwa kiambishi "li". Lakini tunaweza pia kusema "Hakukuja jibu," na hapo kitenzi kimevaa "ku", kiambishi cha mahali, ambacho hakina uhusiano wowote na ngeli ya jibu. Kirusi kina jozi iyo hiyo. "Otvet ne prishol" ni "jibu halikuja": lilikuwepo jibu tulilolitarajia, nalo halijafika. "Otveta ne prishlo" ni "hakukuja jibu": huenda hata halikuandikwa. Katika sentensi ya pili nomino imekwenda kwenye umbo milikishi na kitenzi kimeachana nayo, kama vile kitenzi chetu kinavyoachana na jibu na kushika "ku". Njia ni mbili, lakini kinachosemwa ni kimoja. Msemaji haanzi tena na jibu na kueleza lilivyofanya. Anaanza na mahali, au na hali ilivyo, kisha anasema ndani yake hamna kitu.

Wako watu watakaouliza: je, mtu ambaye tunajua kabisa kwamba yupo duniani? Swali ni la haki, na jozi ifuatayo inalijibu. "Ivan ne byl na lektsii" na "Ivana ne bylo na lektsii" zote hutafsiriwa kwa haraka kuwa Ivan hakuwepo kwenye mhadhara. Lakini ya kwanza inamfuata Ivan na kutueleza habari zake: hakuhudhuria. Ya pili inasimama ndani ya ukumbi wa mihadhara na kutazama viti: Ivan hayumo. Ivan hajafutwa duniani. Amefutwa ndani ya ukumbi. Wanaisimu Vladimir Borschev na Barbara Partee, ambao wameandika sana juu ya sentensi za aina hii, wanaieleza tofauti hiyo kwa kuuliza msemaji amesimama wapi anapotazama, kwenye kitu au kwenye mahali. Naona maelezo yao yanatosha, na yanatuokoa na kauli ya kijinga kwamba umbo milikishi maana yake "kitu hakipo kabisa".

Sasa turudi kwenye yambwa, ambako uchaguzi upo.

Katika hosteli tuliyoishi alikuwepo rafiki yangu kutoka Burundi, ambaye alihamishiwa chumba kipya katikati ya mwaka. Mwisho wa muhula msimamizi wa hosteli alimwambia kwamba ufunguo wa kitanda chake umepotea (kila kitanda kilihesabiwa ufunguo mmoja wa chumba) na kwamba atalipia kufuli jipya, la sivyo aandike barua ya maelezo. Hakuwa amewahi kupewa ufunguo wowote. Mwenzake wa chumbani ndiye aliyekuwa akifungua na kufunga. Pesa yenyewe haikuwa ndogo kwa mtu anayeishi kwa posho, na lililomkera zaidi ni kuandikwa kama mtu anayepoteza mali ya watu.

Aliandika rasimu ya barua, na sentensi yake ya msingi ilikuwa "Ya ne poluchil klyuch." Kwa tafsiri ya kamusi hakuna kasoro: "sikupata ufunguo". Mwalimu wetu wa Kirusi, mama mmoja makini asiye na maneno mengi, aliisoma akauliza neno moja: "Kakoy?" Yaani, upi? Rafiki yangu akashangaa. Hakuna ufunguo upi, ndicho anachosema! Mwalimu akatikisa kichwa na kuandika chini yake: "Ya ne poluchal klyucha."

Amebadilisha vitu viwili, na vyote vinafanya kazi pamoja. Kwanza kitenzi. "Poluchil" ni kitenzi cha tendo lililofikia mwisho wake, na kikikanushwa mara nyingi huacha picha kwamba tendo lilitarajiwa, lilikuwa njiani, kisha halikutimia. "Poluchal" hutaja tendo lenyewe bila kutazama mwisho wake, na kikikanushwa hufuta tendo lote: halikutokea wakati wowote. Pili nomino. "Klyuch" katika uhusika wa yambwa inasimama kama kitu kinachojulikana, kana kwamba msomaji wa barua na mwandishi wake wanauona ufunguo uleule mezani. Vikiunganishwa, sentensi ya kwanza inasikika hivi: ule ufunguo niliopaswa kukabidhiwa, sikuupokea. Msimamizi akisoma hayo ana haki ya kuuliza kwa nini basi hukuja kuuchukua, nao ulikuwa wako. Sentensi ya mwalimu haimwachii nafasi hiyo. Inasema: kupewa ufunguo ni jambo ambalo kwangu halikutokea.

Nilipoiona ile rasimu iliyosahihishwa, niliisoma moyoni kwa Kiswahili, na Kiswahili kikanipa tofauti ileile pasipo kuombwa. "Sikuupata ufunguo." "Sikupata ufunguo." Kiambishi kimoja tu, "u" ya yambwa, kimetenganisha sentensi mbili. Ninaposema "sikuupata", wewe na mimi tunaujua ufunguo huo. Ninaposema "sikupata", hakuna ufunguo mahususi tunaouzungumzia. Darasani tumefundishwa kwamba kiambishi cha yambwa huelekea kuonyesha kwamba kitu kinajulikana kwa wazungumzaji. Kirusi hakina kiambishi hicho, wala hakina kibainishi kama kile cha Kiingereza cha kuonyesha kwamba kitu kimeshatajwa. Katika sentensi yakinishi, "Ya vzyal klyuch" inaweza kuwa "nilichukua ufunguo" au "niliuchukua ufunguo", na msikilizaji hutegemea muktadha na mpangilio wa maneno. Lakini sentensi ikikanushwa, mlango hufunguka: nomino inaweza kubaki katika uhusika wa yambwa au kwenda kwenye umbo milikishi, na wasemaji wameutumia mlango huo kusema jambo ambalo sisi tunalisema kwa kiambishi.

Nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kwamba "klyuch" ni sawa na "sikuupata" na "klyucha" ni sawa na "sikupata" kila mahali. Hata Kiswahili chenyewe hakifuati mstari ulionyooka hivyo. Naweza kusema "Sikusoma gazeti la leo" bila kiambishi cha yambwa, ingawa gazeti la leo linajulikana. Na Kirusi kina maeneo ambayo swali la "upi?" haliulizwi kabisa. Kitenzi "imet", yaani kuwa na kitu, kikikanushwa hufuatwa na umbo milikishi: "Ya ne imeyu prava" ni "sina haki". Neno la msisitizo kama "nikakoy", lenye maana ya "wowote ule" katika kukanusha, huleta umbo milikishi pia, na ndiyo maana rafiki yangu angeweza kuandika "nikakogo klyucha" asiulizwe chochote. Na liko neno "eto", yaani "hilo", ambalo lapaswa kuwa mfano bora wa kitu kinachojulikana. Lakini Mrusi anayekana maneno husema "Ya etogo ne govoril", sikusema hilo, akitumia umbo milikishi. Nadharia yangu ya kiambishi cha yambwa inagonga mwamba hapo, maana mimi ningesema "sikulisema hilo" kwa "li" ya kujulikana. Nimelijaribu jambo hili mara nyingi na sijapata njia ya kulilainisha, wala sioni haja.

Kwa nini umbo milikishi, lakini, wala si umbo jingine lolote kati ya yale sita? Hapo ndipo glasi ya maji inaposaidia. Kirusi hutumia umbo milikishi kwa sehemu ya kitu hata pasipo kukanusha. "Ya vypil vodu" ni "niliyanywa maji", yale yaliyokuwepo, yakaisha. "Ya vypil vody" ni "nilikunywa maji kidogo". Katika sentensi ya pili tendo halikuyakumba maji yote. Limechukua sehemu tu. Roman Jakobson, katika makala yake maarufu ya mwaka 1936 juu ya maana za uhusika, alipendekeza kwamba hilo ndilo linalouunganisha umbo hilo popote linapotokea: linaonyesha kwamba kitu hakimo kikamilifu katika jambo linalosemwa. Kimeingia kwa kiasi tu. Glasi ya maji ni kiasi fulani cha maji. Kunywa "vody" ni kugusa kiasi. Na katika kukanusha kiasi hicho kinashuka hadi kufika sifuri. Hakuna hata sehemu ya ufunguo iliyofika mkononi mwangu. Mimi naona maelezo haya yana nguvu kwa sababu hayahitaji kanuni maalumu ya kukanusha. Kukanusha kunakuwa mwisho wa ngazi ambayo tayari ipo katika lugha.

Majirani wa Kirusi wanaitumia ngazi hiyo kila mmoja kwa namna yake. Katika Kipolandi yambwa ya kitenzi kilichokanushwa huenda kwenye umbo milikishi bila uchaguzi, ijulikane au isijulikane. Kilithuania ni hivyohivyo. Kicheki, ambacho ni ndugu wa karibu wa Kipolandi, kimeiacha kanuni hiyo karibu kabisa, na imebaki katika misemo tu. Kirusi kimesimama katikati ya mto. Maandishi ya kale yalitumia umbo milikishi kwa wingi zaidi, na Kirusi cha leo kinauachia uhusika wa yambwa nafasi kubwa, hasa kwa vitu vya kushikika na kwa watu. Mtu wa leo ambaye hakumwona dada yake husema "Ya ne videl sestru", kwa umbo la yambwa, kwa kuwa dada ni mmoja na anajulikana. "Ya ne videl sestry" haijafa, lakini ina harufu ya vitabu vya zamani.

Kwa kaka hakuna tatizo hilo, na sababu yake inafurahisha. Nomino za kiume za viumbe hai, katika Kirusi, zina umbo moja kwa kazi zote mbili. "Ya videl brata" ni "nilimwona kaka", na "Ya ne videl brata" ni "sikumwona kaka". "Brata" haibadiliki, kwa sababu umbo lake la yambwa tayari ni sawa na lile milikishi. Kwa hiyo tofauti tuliyoizungumzia inayeyuka inapofika kwa mwanamume. Sasa tazama Kiswahili. Kwa vitu tuna hiari ya "sikuona" na "sikukiona". Kwa watu hiari hiyo karibu haipo, kwa kuwa kiambishi "m" kinatakiwa hata mtu asipojulikana: "Sikumwona mtu yeyote." Lugha mbili zisizo na undugu wowote zimepoteza tofauti hii karibu mahali pamoja, panapohusu watu.

Niliahidi kufika kwenye Kiganda. Nomino yetu kwa kawaida huanza na irabu: "ekitabo", "amawulire", "ekisumuluzo". Kitenzi kikikanushwa, irabu hiyo huanguka. "Nsoma amawulire" ni "nasoma magazeti", na "Sisoma mawulire" ni "sisomi magazeti". "Nnafuna ekisumuluzo" ni "nilipata ufunguo", na "Saafuna kisumuluzo" ni kinyume chake. Mrusi hukata au kubadili mwisho wa nomino, nasi tunakata mwanzo wake. Ndiyo maana sikushangaa darasani. Rafiki yangu Mrundi naye alikuwa na kitu cha aina hiyo, kwa sababu ufunguo kwake ni "urufunguzo", lakini kusema kwamba hakuna ufunguo ni "nta rufunguzo", bila ile "u" ya mwanzo. Tofauti ni kwamba Kiganda, kwa tabia, ni kama Kipolandi: baada ya kitenzi kilichokanushwa irabu huanguka kwa kawaida, tuwe tunaujua ufunguo au hatuujui. Hakiulizi "upi?" Kikitaka kusema kwamba kitu kinajulikana, hutafuta njia nyingine.

Tofauti moja kati ya Kiganda na Kirusi nimeifuatilia zaidi ya nyingine, nayo ni ya umbali. Kukanusha kunaweza kusafiri hadi wapi? Swali hili liliwahi kumkera Pushkin mwenyewe. Katika "Evgeny Onegin" alikuwa ameandika kwamba hataki kuzigombanisha karne mbili, na karne hizo akaziacha katika uhusika wa yambwa. Mkosoaji mmoja akadai kwamba kwa kuwa kuna "ne", zingepaswa kuwa katika umbo milikishi. Mwaka 1830, katika maandishi yake ya kuwajibu wakosoaji, Pushkin alijitetea kama mwanasarufi. Karne, alieleza, zinatawaliwa na kitenzi cha kugombanisha, na kilichokanushwa ni kutaka. Akatunga mfano wa vitenzi vilivyofuatana kama behewa za treni, siwezi, kukuruhusu, uanze, kuandika, kisha mashairi mwishoni, na akauliza kwa dhihaka kama nguvu ya umeme ya neno la kukanusha inaweza kupita katika vitenzi vyote hivyo hadi iifikie nomino. Yeye hakudhani hivyo.

Umeme wa Kiganda una nguvu zaidi. "Njagala okugula ekitabo" ni "nataka kununua kitabu". Nikikanusha kutaka, nasema "Saagala kugula kitabo". Irabu ya "okugula" imeanguka, na irabu ya "ekitabo", iliyoko nyuma yake, imeanguka pia, ingawa kununua kwenyewe hakukukanushwa kwa kiambishi chochote. Umeme umepita katika kitenzi cha kati na kukifikia kitabu. Katika Kirusi cha leo mtu ambaye hataki kununua kitabu anaweza kusema "Ya ne khochu pokupat knigu", kwa umbo la yambwa, na ndivyo wengi wanavyosema. "Knigi", kwa umbo milikishi, inawezekana pia, lakini kadiri vitenzi vinavyoongezeka katikati ndivyo inavyozidi kuwa adimu. Yaani Pushkin hakuwa na haki yote, lakini alikuwa ameuona mwelekeo.

Kwa mwenzangu atakayejifunza Kirusi, na wapo, maana kila mwaka baadhi yetu huondoka kwenda huko, ninaongeza mtego mmoja ambao vitabu vya mwanzo huupita haraka. Umbo milikishi la umoja, kwa nomino nyingi, hufanana kimaandishi na umbo la yambwa la wingi. "Ya ne chital gazety" inaweza kuwa "sikusoma gazeti", au "sikuyasoma magazeti", na karatasi haitakwambia ni ipi. Kwa baadhi ya maneno sikio hukusaidia. Dirisha ni "okno", na "okna" yenye mkazo kwenye silabi ya mwisho ni umbo milikishi la umoja, ilhali yenye mkazo mwanzoni ni madirisha. "Gazety" haina msaada huo. Inabidi usome sentensi inayofuata.

Rafiki yangu alipeleka barua ile kama mwalimu alivyoirekebisha. Mwalimu mwenyewe alituonya kwamba Warusi wengi wangeandika "ne poluchal klyuch" bila kufikiri, na wangeeleweka. Alichagua "klyucha" kwa sababu barua inasomwa na mtu anayetafuta pa kukubana, na katika barua ya namna hiyo heri kusiwe na ufunguo wowote unaong'aa mezani. Msimamizi aliisoma, hakuuliza ufunguo uliachwa wapi, akafungua daftari la kukabidhi funguo. Sahihi iliyokuwa mbele ya kitanda kile ilikuwa ya mwanafunzi aliyelala hapo kabla yake.